Mdogo wangu, usikate tamaa na derivetivu

Mambo dogo, nimeiona karatasi yako ya juzi, kanuni umezikariri ila hakuna aliyekuambia zinapima nini, na hilo limeniuma. Chukua bodaboda inayoondoka kijiweni, umbali wake kwa mita ni s = t², t ni sekunde tangu iondoke. Sekunde ya 3 iko mita 9, sekunde ya 3.1 iko 9.61, yani imesogea 0.61 ndani ya 0.1, sawa na mita 6.1 kwa sekunde. Sasa bana muda, ishia 3.01, unapata 6.01, ukizidi kubana namba inaisogelea 6. Hiyo 6 ndo derivetivu, kasi ya kubadilika pale pale, ndo maana ile kanuni uliyokariri, inayogeuza t² kuwa 2t, ukiweka 3 inatoa 6. Jumamosi njoo na daftari, tuanze na swali la 4 ulilolifuta, ulikuwa umeshalipata kabisa.