Siku mia bila fegi

Picha kapiga binti yangu asubuhi hii hapa ofisini Pasua (ofisi ni kibanda cha bati na mashine ya welding, msije mkadhani), kaniambia baba simama vizuri, nikasimama, alafu nikagundua mkono wa kulia sijui niuweke wapi. Kwenye picha zangu zote tangu ujana huo mkono ulikua na kazi yake. Ndo maana mnaniona nimeshika grainda kama nimeajiriwa jana.

Leo ni siku ya mia aisee.

Kwa wasionijua, fegi nimevuta zaidi ya miaka 20. Nlianza nikiwa saidia fundi, fundi mkuu akiwa ameshika kazi mikono miwili anasema niwashie, unaenda kwa Mangi unaleta moja, unawasha, unamwekea mdomoni, na sigara haiwaki bila kuvutwa, sasa ukishawasha za mwenzio kila siku mwisho unanunua zako. Hakuna stori kubwa zaidi ya hiyo. Wanangu wote wamezaliwa wamenikuta navuta.

Zile siku tatu za kwanza kila mtu alinitishia nazo, na kweli zilikua mbaya, nikotini ndo inaisha mwilini hapo kwa hiyo arosto yake inakuja na meno. Kichwa, jasho, usingizi hamna, kuna bawaba ilikataa kukaa kwenye geti nikaona kabisa imenidhamiria. Lakini nikaja kujua ile hamu yenyewe ikipanda haikai, ni dakika chache tu inashuka. Me nikawa naipimia kwa rodi. Rodi moja nyembamba inaisha kama dakika hivi, basi hamu ikija nachoma rodi tatu nne mfululizo, nikivua miwani imeshapita. Wateja wa mwezi ule mageti yenu hayatakaa yafunguke kwenye maungio, nimeyachomelea kwa hasira zote.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kikohozi. Wiki za mbele huko nikaanza kukohoa kuliko nilivyokua navuta, nikasema ee bwana nimeacha ndo naumwa? Nesi wa zahanati akacheka, akasema kwenye njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo kazi yao kufagia uchafu, moshi ulikua umevilaza, sasa vimeamka vinafagia. Choo nacho kiligoma siku kadhaa, hilo nalitaja tu na kupita. Na ndoto jamani! Naota navuta kabisa, naamka nimekasirika, nanusa vidole.

Alafu kahawa. Hapa Moshi mnajua wenyewe, kahawa chungu ya birika na kashata, vile vikombe vidogo unapiga hata vitano huku mnaongea siasa. Mimi kahawa na sigara vilikua mume na mke. Nilivyoacha sigara nikaongeza kahawa, moyo ukawa unakimbia, mikono inatetemeka, saa nane usiku macho makavu natazama bati, nikajua tu arosto imerudi upya. Kumbe moshi wa sigara unalifanya ini liichakate kafeini harakaharaka, ukiacha kuvuta ini linarudi kwenye spidi yake, kwa hiyo kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Nimenyanyasika wiki nzima nikisingizia nikotini kumbe nusu ni birika! Nikashusha vikombe, usingizi ukarudi. Muuza kahawa ndo hajafurahi.

Ila kama kuna kitu kimenisumbua kweli kweli si mwili. Ni kupumzika.

Yani fundi akisimama nje na sigara kila mtu anaelewa, huyo yuko mapumziko, mteja anasubiri bila neno. Sasa jaribu kusimama nje palepale muda uleule mikono mitupu. Dakika haijaisha mtu anauliza fundi vipi, kazi imeisha? Umeme umekatika? Bosi wa duka la pembeni akanitania eti siku hizi nimekua mvivu, wakati nafanya kazi zaidi, maana mwanzoni sikujua napumzikaje nikawa napiga kazi bila kusimama mpaka mgongo ukalia. Miaka yote hiyo ile fegi ndo ilikua ruhusa yangu ya kukaa. Na umeme ukikatika ndo balaa, zamani ukikatika tu wote tunatoka nje tunawasha, sasa wenzangu wanawasha mimi natafuna bigijii kama mbuzi. Mwishoni nikatafuta kigoda. Nikikaa kwenye kigoda niko mapumziko, wateja wameshazoea, saidia fundi wangu ndo anawajibu.

Mtihani mkubwa ulikua msibani Kibosho mwezi wa sita. Mnajua msiba wetu, wanawake jikoni, wazee kwenye turubai, na wavutaji wana kona yao kwenye migomba, na kusema ukweli stori zote za maana ziko kule, nani kauza shamba, nani kagombana na nani kwenye kihamba, mbege inapita, baridi ile ya mwezi wa sita. Nikajiuliza niende wapi sasa, kwenye turubai na wazee? Nikaenda migombani. Baba mdogo akanyoosha pakti, kamata. Nikamwambia nimepumzika kwanza baba mdogo. Sikusema nimeacha maana ukisema umeacha pale unafunguliwa kesi, nimepumzika hakuna anayebishana nayo. Akasema haya, akawasha yake, stori zikaendelea, na ule moshi ulinukia vizuri sana sitawadanganya.

Siku hiyohiyo nilipanda kutoka barabarani mpaka nyumbani huku naongea njia nzima. Zamani nikifika pale kwenye kona ya kanisa nilikua nasimama nasingizia napokea simu. Shemeji yangu alikua anajua. Kaniambia leo hujapigiwa?

Pua imerudi pia, hilo nalo lina pande mbili. Ndizi za mke wangu nazisikia kutoka getini. Na choo cha hapa nyuma ya ofisi nacho nakisikia, nimeshanunua dawa, nilikua sijui wenzangu mnateseka hivyo. Koti langu la kazi nimelifua mara nyingi tu bado linasema nilikua nani.

Hela? Kila mtu alisema utaona hela. Sijaiona. Labda iko kwenye mashavu, maana mmeyaona kwenye picha.

Wavutaji wenzangu wa zamani msinikimbie, kigoda changu kiko palepale mnakosimama, na kiberiti bado ninacho mfukoni, atakayehitaji moto aombe. Sina mpya ya kumwambia mtu, wote tunasoma pakti. Bado nikimaliza ugali natazama mlangoni. Labda itaisha, labda nitakua mzee natazama mlango.

Mke wangu, asante kwa kunivumilia zile wiki mbili, na asante kwa kutouliza kila jioni kama nimevuta. Hilo la kutouliza lilisaidia kuliko bigijii zote.

Sasa nyie wa kijiweni mlioweka dau kwamba sifiki hata mwezi, tena mmoja alisema mbele ya watu nikifika mia atalipa kitimoto kilo nne na ndizi za kuchoma, jamaa leo tangu asubuhi hapokei simu. Ofisini nafunga saa kumi na moja. Tunamfuata kwake.