Taarifa ya Mei 2024: Mwani wa maji ya kina, Tumbe, Pemba

Kwako Meneja wa Ruzuku,

Assalaam aleikum. Dada, naanza na jambo lililotuuma zaidi mwezi huu ili usilikute katikati ya hesabu: katika nyavu 20 tulizoziteremsha kwenye maji ya kina bamvua ya mwisho wa Aprili, 7 zimechukuliwa na bahari. Zilizobaki 13 zinakwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Pia nina ombi moja la kuhamisha fedha, ambalo nahitaji jibu lake kabla ya Jumatano tarehe 5 Juni.

Kimbunga Hidaya kilipotangazwa mwanzoni mwa Mei, na vyombo kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa, hata huku kwetu hakuna aliyekwenda baharini tarehe 3 na 4. Tulikaa tukisubiri. Tulipoingia bamvua ya tarehe 8 tukakuta nanga zimeburutwa na kamba za pembeni zimekatika. Wavu mmoja tuliukuta umetupwa ufukweni, mwani umeshakauka ndani yake. Sita hatujaziona mpaka leo. Nanga zetu zilikuwa magunia ya mchanga ya kilo 40. Zilizoshika ni zile za upande wa kusini, ambako tulifunga mawili pamoja. Sasa kila kona ina magunia mawili.

Ulipokuja Februari ulioneshwa cottonii iliyopandwa kwenye vigingi ilivyogeuka nyeupe na kukatikakatika mkononi. Maji ya kina kifupi yanapata joto sana jua la kaskazi, na mwani huu hauvumilii; ndiyo maana akina mama wengi walibaki na spinosum, ambao ni mgumu lakini bei yake ni ndogo. Tarehe 23 Mei, siku ya 28 tangu kupanda, tulipima mbegu za cottonii za kwenye nyavu, zilezile tulizozitia alama. Zilipandwa zikiwa na gramu 100 kila moja. Wastani sasa ni gramu 310. Hazina weupe. Kwenye nyavu tatu zilizo karibu na ufuko tumekuta magugu membamba kama nyuzi yameanza kuzonga, na akina mama wanayatoa kwa mkono kila bamvua. Mkubwa wao, ambaye amelima mwani tangu mwanzo wa miaka ya tisini, alikivunja kitawi, akakinusa, akakitafuna kidogo, akasema, "Huu ndio mwani tuliokuwa nao zamani." Hakuna mtu aliyemjibu, wote walikuwa wanapokezana kukishika.

Tutavuna bamvua ijayo, tarehe 7 hadi 9 Juni, in shaa Allah.

Upande wa spinosum, wanawake 21 wameuza kilo 1,140 za mwani mkavu kwa shilingi 700 kwa kilo, jumla shilingi 798,000. Mauzo yangekuwa makubwa zaidi, ila mnunuzi alirudisha magunia 6 kwa sababu hayajakauka sawasawa. Mvua za masika hazikutupa hata siku tatu mfululizo za jua. Mwani ulioanikwa chini kwenye majani ya mnazi ulinyeshewa mara mbili, na mwani mkavu ukinyeshewa chumvi yake huondoka na thamani hushuka. Chanja mbili zilizokamilika, zenye turubai juu, zimetoa mwani safi usio na mchanga. Nne zilizobaki zimechelewa kwa kuwa fundi hakupata miti mikavu; zitamalizika Juni.

Mafunzo ya kuogelea ndiyo yaliyonifundisha mimi zaidi. Tuliandika kwenye andiko la mradi kuwa siku sita zitatosha wanawake 24. Hazikutosha, na kosa ni langu, kwani sikuwauliza kwanza. Wengi wametembea kwenye maji haya maisha yao yote lakini yakipita kifuani wanarudi. Kanga ikilowa inavuta chini. Waume wengine walitaka kujua nani anafundisha na wapi. Sheha alikaa nao baada ya sala ya Ijumaa, tukapata mwalimu mwanamke kutoka Wete, tukahamia upande usiopitiwa na wavuvi, na tukashona nguo za kuogelea za kitambaa chepesi zenye mikono mirefu. Siku zikawa nane. Leo wanawake 11 wanaelea na kuvuka mita 25 bila kushikwa. Wengine 13 bado, na mpaka waweze sitawaruhusu kwenda kwenye nyavu bila jaketi okozi.

Matumizi ya Mei ni haya (bajeti, kisha tulichotumia, kwa shilingi):

Kamba, nyavu, nanga na maboya: 3,200,000 / 3,610,000
Mbegu za cottonii: 900,000 / 640,000
Mafunzo ya kuogelea na usalama: 1,150,000 / 1,380,000
Chanja za kuanikia: 1,400,000 / 560,000
Mafuta na kukodi boti: 480,000 / 455,000
Mishahara ya watumishi wawili: 1,600,000 / 1,600,000
Ofisi, simu na benki: 220,000 / 236,000
Jumla: 8,950,000 / 8,481,000

Mafungu mawili yamepita kiwango cha asilimia 10 tulichokubaliana. La kamba limezidi kwa 410,000. Kati ya hizo, 270,000 ni nanga na kamba za kuzifunga upya nyavu baada ya dhoruba. Zilizobaki 140,000 ni mabunda mawili ya kamba ya ziada: tulinunua mabunda 20 yaliyoandikwa mita 200, tukayapima uwanjani tukakuta mita 183, 186, hakuna lililofika 190. Duka lilikataa kufidia. Tangu sasa tunapima dukani kabla ya kulipa. Fungu la mafunzo limezidi kwa 230,000 kwa siku mbili za mwalimu na ushonaji wa nguo. Ilinipasa nikuandikie kabla ya kutumia, sikufanya hivyo, naomba radhi. Fedha za chanja ambazo hazikutumika, 840,000, zina kazi yake Juni.

Tangu Januari tumepokea 31,000,000 na kutumia 26,940,000. Benki kuna 4,060,000. Mpango wa Juni ni 3,900,000, pamoja na chanja, hivyo hatutakwama kabla ya awamu ya Julai.

Ombi langu sasa. Katika bajeti ya mwaka kuna ziara ya mafunzo ya Unguja. Naomba 600,000 kutoka humo zinunue jaketi okozi 10 kwa 60,000 kila moja. Ziara itabaki, ila watakwenda wanawake sita badala ya kumi. Nimewauliza wenyewe na wamekubali. Tuna jaketi nne tu, na mavuno yanahitaji watu 12 majini kwa wakati mmoja. Ukijibu Jumatano, nitazinunua Alhamisi na zitakuwapo Ijumaa asubuhi maji yakitoka. Jibu likichelewa tutavuna kwa zamu ya watu wanne wanne, na huenda tusizimalize nyavu zote kabla ya maji mafu.

Nimeambatisha stakabadhi zote, taarifa ya benki, daftari la vipimo vya mwani na picha za nyavu zilizokatika. Picha za mafunzo ya kuogelea sikupiga, kwa heshima ya akina mama.

Wasalaam,

Mratibu wa Mradi
Tumbe, Wilaya ya Micheweni, Pemba
Jumatatu, 3 Juni 2024