Mapendekezo ya Kiwanja cha Zahanati: Bondeni au Mlimani

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nisiwachoshe. Timu ya wataalamu inapendekeza zahanati ijengwe mlimani, karibu na shule, siyo bondeni mnadani. Najua bondeni ndiko wengi mnakopapenda, maana gari linafika mpaka mlangoni na ardhi ni ya kijiji, hatumlipi mtu.

Tuanze na fedha. Jengo ni shilingi milioni 150 popote tutakapoliweka. Mlimani kuna nyongeza: fidia ya mikorosho milioni 6, kuvuta umeme milioni 9, matangi ya kuvunia maji ya mvua milioni 8. Jumla 173. Bondeni kwenye makaratasi tunaishia 150. Lakini wajumbe mliopita pale mmeona choo cha mnada: alama ya tope imefika usawa wa goti. Udongo ni ule mweusi, kiangazi unapasuka, masika unavimba. Nyumba ya jirani ina ufa unaoingia vidole viwili. Mhandisi anasema lazima tunyanyue msingi na kujaza kifusi, milioni 19. Kwa hiyo tunabishania milioni 4.

Umbali nao unadanganya. Ukipima kutoka barabara ya lami, bonde linashinda. Ukipima kutoka kwa mama mwenye uchungu, hapana. Vitongoji vitatu viko ng'ambo ya mto, na kwao mnadani ni kilomita 7, pamoja na kuvuka. Mto ukijaa, bodaboda anageuza. Mlimani hawavuki mto, na kaya ya mbali kabisa ina kilomita 4. Wa mnadani ndio watakaopanda, na kile kilima si mchezo, nakubali. Lakini hata masika watafika.

Kuhusu hatari, Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 hakijasahaulika. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika, dawa zikacheleweshwa na njia. Siku kama hiyo zahanati ndiyo inayotakiwa isimame kavu, jokofu la chanjo likiwaka.

Mlimani kinachonitia wasiwasi ni maji na ile fidia. Matangi yakikauka Oktoba, tutanunua maji ya boza, na bajeti ya uendeshaji iliangalie hilo mapema. Wenye mikorosho wamekubali kwa mdomo tu, na wanaomba wavune msimu huu kwanza. Ni haki yao.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninaomba kamati iridhie kiwanja cha mlimani kwa masharti mawili: Mthamini akamilishe kazi na fidia ilipwe kabla fundi hajachimba hata shimo moja, na mkutano mkuu wa kijiji ukae, muhtasari uletwe hapa ukiwa na saini. Wakikataa, nitarudi mbele yenu na hesabu ya bondeni, ile ya milioni 169, siyo ya 150.

Naomba kuwasilisha.