Masharti ya Chama kwa Ufupi: Kwa Mwalimu Aliyejiunga Mwezi Huu

Mwalimu, karibu kwenye chama chetu cha akiba na mikopo. Kitabu cha masharti ulichopewa pamoja na kadi kina kurasa 34, na najua wengi hukiweka kabatini siku hiyohiyo. Nimekufupishia yale yatakayokugusa. Likitokea bishano, kinachosimama ni kitabu chenyewe kilichosajiliwa kwa Mrajis, na juu yake ipo Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013.

Tuanze na hisa, maana watu huzichanganya na akiba. Hisa moja ni shilingi 20,000 na kila mwanachama lazima awe na zisizopungua 10. Umepewa miezi 6 kuzikamilisha. Hisa ndiyo inayokufanya mwenye chama, kwa hiyo haitolewi kama pesa ya benki. Ukiondoka unaihamishia kwa mwanachama mwingine. Akiba ni ile 50,000 inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Hiyo ni yako, lakini utaichukua yote siku ya kuacha uanachama tu, kwa notisi ya siku 60. Ukitaka pesa ya kuweka na kutoa, fungua amana.

Mkopo unaanza kuombwa baada ya miezi 3 ya kuweka akiba, na haupiti mara 3 ya akiba uliyonayo. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, na maneno hayo mawili ya mwisho yana pesa ndani yake. Mwenye akiba ya 1,000,000 akikopa 3,000,000 kwa miezi 24, mwezi wa kwanza analipa 125,000 ya mkopo na 30,000 ya riba. Mwezi wa pili riba inashuka hadi 28,750, na wa mwisho ni 1,250. Riba yote ni 375,000. Ingehesabiwa kwenye mkopo wa awali mpaka mwisho ingekuwa 720,000, kwa hiyo mtu akikunong'oneza kuwa mahali fulani riba ni hiyohiyo asilimia moja, muulize ya salio lipi. Kamati ya mikopo itatazama pia hati yako ya mshahara: baada ya makato yote lazima ibaki theluthi moja.

Unahitaji wadhamini wawili, nawe utaombwa kudhamini. Hapa soma kifungu cha 27 kwa macho yako. Ukisaini, akiba yako inafungwa kwa kiasi ulichodhamini hadi deni liishe. Mimi niliwahi kusaini nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, kengele inalia, bila hata kuuliza kiasi. Mwenzangu alihama, makato yakasimama, na kwa miezi 7 nililipia pikipiki ambayo sijawahi hata kuipanda.

Gawio hutoka kwenye ziada ya mwaka, baada ya hesabu kukaguliwa na asilimia 20 kuingia mfuko wa akiba ya chama. Hakuna ziada, hakuna gawio. Linahesabiwa kwa hisa na kwa miezi zilipokaa. Mkutano ukipitisha asilimia 10, mwenye hisa 20 tangu Januari anapata 40,000. Aliyezinunua Oktoba mosi anapata 10,000. Kila mwaka kuna anayegomba dirishani kwa hilo.

Mkutano mkuu wa mwaka huitishwa kwa notisi ya siku 21, na akidi ni nusu ya wanachama. Mtu mmoja kura moja, uwe na hisa 10 au 300, na hakuna kumpigia mwenzako. Hapo ndipo Bodi inapochaguliwa na ukomo wa madeni, yaani kiasi ambacho chama kinaweza kukopa nje, unapopangwa. Usije kwa ajili ya posho ya nauli tu. Kutofika bila taarifa ni faini ya 5,000.

Kufukuzwa kuna sababu tatu: kutolipa mkopo miezi 3 mfululizo bila maelezo, kughushi nyaraka (hati ya mshahara ndiyo inayoongoza), na kukihujumu chama kwa makusudi. Bodi haifukuzi mtu. Inaweza kumsimamisha tu. Unapewa barua yenye tuhuma, siku 14 za kujibu kwa maandishi, kisha unasimama mbele ya mkutano mkuu na kujieleza. Zikifika theluthi mbili za kura, umetoka, ila unaweza kukata rufaa kwa Mrajis. Akiba yako hulipwa baada ya kutoa deni, na kama bado ni mdhamini wa mtu, sehemu iliyofungwa inabaki chamani mpaka amalize kulipa.

Ukipita ofisini Jumatano, njoo na picha mbili. Fomu yako ya mrithi bado haijajazwa.

Katibu wa Chama
Same, Kilimanjaro