Mwombaji namba 3, nafasi ya mkuu wa tranziti Kasumbalesa: mistari minne na maelezo kidogo

Papa Direkta, jambo sana.

Uliomba mistari minne kabla ya kikao cha Ijumaa. Hii hapa:

Ni nani: deklaranti wa duane, miaka 9 ya kazi, 6 ya mwisho kwa wakala mmoja wa tranziti hapa Lubumbashi, kati ya watu 4 waliobaki kwenye orodha, mimi namweka wa kwanza.
Nguvu: anaijua SYDONIA World, haachi karatasi ipite bila kuisoma, na anasema Kiswahili, Kifaransa na Kibemba.
Hatari: hajawahi kuongoza watu, anaomba dola 1,500 mkononi na bajeti yako ni 1,350, na kazi yake ya kwanza iliisha kwa ugomvi.
Kupatikana: akitoa barua Jumatatu tarehe 7 Septemba, anaanza kwetu Jumatatu tarehe 12 Oktoba.

Mistari imeisha, lakini huo wa tatu siwezi kuuacha peke yake, maana mtu akiusoma haraka atamtupa mama huyu bure.

Ugomvi kwanza. Kwenye sivi yake kuna pengo la miezi 7 baada ya kazi ya kwanza. Nilimwuliza wazi, naye akajibu bila kuzunguka: alikataa kusaini deklarasio yenye uzito ambao haukulingana na ule wa mizani, wakaachana vibaya. Nimewapigia simu watu wawili waliofanya naye kazi wakati ule, kila mmoja kwa wakati wake, na habari yao ni ileile. Bosi wake wa zamani hakutaka kusema kitu, kwa hiyo upande wake sina. Ila ule mtihani wetu wa mafaili 3 ulinionyesha mengi. Katika faili la pili tulificha kosa: faktura ilitaja uzito wa mzigo wenyewe bila vifungashio, manifesti ikarudia namba ileile kana kwamba ndiyo uzito pamoja na vifungashio. Wenzake watatu walipita juu. Yeye alisimama hapo, akaandika pembeni kwa kalamu: «Namba hizi mbili haziwezi kuwa moja.» Wewe unajua faili la namna hiyo linatugharimu nini mbele ya DGDA.

Hatari ya kweli, kwa maoni yangu, ni kuongoza. Atakuta deklaranti 5, wote wanaume, wawili wamemzidi umri, na mmoja wao aliitaka nafasi hii. Nilipomwuliza atafanya nini mtu akichelewesha faili kusudi, jibu lake lilikuwa: «Nitalifanya mwenyewe usiku.» Hilo ni jibu la mfanyakazi mzuri, bado si jibu la mkuu. Mbane hapo Ijumaa. Ukimchukua, naomba wiki mbili za kwanza umpeleke mpakani wewe mwenyewe na kumtambulisha mbele ya wote, ili asionekane ametumwa na biro yangu. Kipindi cha majaribio sheria inaruhusu hadi miezi 6. Mimi ningeandika 3 kwenye kontra.

Kibemba usikichukue kama pambo. Madereva wengi wa chokaa wanatoka upande wa Ndola, na lori likikwama kwenye foleni, yeye atapata habari kutoka kwa dereva mwenyewe kabla wakala hajapiga simu.

Mshahara: nadhani atakubali 1,400 ukiongeza malazi ya siku 3 za Kasumbalesa kila wiki. Sikumwahidi chochote.

Juu ya tarehe, hesabu ni hii. Miaka 6 kamili inampa mwajiri preavi ya siku 14 za kazi na 7 kwa kila mwaka, yaani 56. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anatoa nusu, siku 28, Jumapili haihesabiwi. Mkataba wake wa sasa nimeuona, hauongezi kitu. Tukichelewa wiki moja kuamua, ataanza tarehe 19. Mvua haiko mbali, na chokaa kibichi kikikaa mpakani chini ya turubai lililotoboka, kinapofika kiwandani kimeshaharibika. Ndiyo maana nakusukuma.

Ombi langu la mwisho: usimwulize habari za mume na watoto. Wanaume watatu waliomtangulia hakuna aliyewauliza.

Atakuwa kwako Ijumaa saa tatu za asubuhi, na mafaili ya mtihani nimeyaacha kwa sekretari wako. Mwajiri wake hajui kama anatafuta kazi, basi tafadhali usipige simu kule.

Biro ya kuajiri, Lubumbashi, Jumatano tarehe 2 Septemba