Maswali ya marudio, ukunga mwaka wa pili: mwili wa mjamzito na karatasi ya maabara

Jibu kwanza, kisha soma maelezo. Karatasi nyingi za maabara huchapisha viwango vya mtu asiye na mimba. Humo ndimo wengi wenu mlikopotezea alama mara iliyopita.

Swali la 1. Mama wa miaka 26, mimba ya pili, alikuwa na himoglobini gramu 12.1 kwa desilita katika wiki ya 10. Leo, wiki ya 26, ni 10.7. Hana dalili yoyote. Mwanafunzi ameandika kwenye kadi: "upungufu wa damu." Je, yuko sahihi?

*Jibu:* Hapana. Utegili wa damu huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50, ilhali seli nyekundu huongezeka kwa asilimia 20 hadi 30 tu. Seli ni nyingi kuliko zamani, ila zinaelea kwenye maji mengi zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huweka kikomo cha 11 katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, na 10.5 katika ile ya kati. Aendelee na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kama kawaida.

Sasa mtego. Tuseme maabara wameongeza kwamba seli nyekundu ni ndogo na zimepauka. Jibu linageuka. Kuzimuliwa kwa damu hakupunguzi ukubwa wa seli. Chuma kikipungua ndipo seli husinyaa, hata kama himoglobini bado imekaa juu ya kikomo.

Swali la 2. Mama wa wiki ya 35 amelazwa chali akipimwa tumbo. Ghafla anatoka jasho, anasema kizunguzungu, presha ni 84/50. Utaanza na lipi?
A. Kumpa maji ya mshipa
B. Kumgeuza ubavu wa kushoto
C. Kumpima sukari
D. Kumwita daktari

*Jibu:* B. Mji wa mimba umelalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Moyo wa mjamzito husukuma damu zaidi ya kawaida kwa asilimia 30 hadi 50, lakini hauwezi kusukuma kisichoufikia. Asipopata nafuu mara moja, hapo ita msaada na utafute sababu nyingine.

Swali la 3. Wiki ya 33, presha 148/94, kichwa kinauma. Kreatinini ni mikromoli 88 kwa lita. Karatasi inasema kawaida ni 53 hadi 97, na haina alama ya tahadhari. Eleza. (Alama 6)

*Jibu:* Figo za mjamzito huchuja takriban asilimia 50 zaidi, kwa hiyo kreatinini hushuka. Wengi huwa kati ya 35 na 70. Kwa huyu mama 88 ni kubwa, wala si "kawaida ya juu kidogo" kama mmoja wenu alivyoandika. Ukiunganisha na presha na kichwa, fikiria kifafa cha mimba kinachonyemelea: rudia presha, pima protini ya mkojo, chembe sahani na vimeng'enya vya ini, na mpe rufaa leo leo. Asirudishwe nyumbani kusubiri kliniki ijayo. Kwa alama 2 za mwisho: protini inaweza kufika miligramu 300 kwa saa 24 katika mimba ya kawaida, na sukari kidogo kwenye mkojo peke yake haithibitishi kisukari, maana mirija ya figo huzidiwa na kinachochujwa.

Swali la 4. Mjamzito mwenye pumu amebanwa kifua tangu usiku. Kipimo cha gesi za damu ya ateri: kabonidayoksaidi milimita 40 za zebaki. Mwenzako anasema, "Afadhali, iko sawa." Unamjibuje?

*Jibu:* Haiko sawa. Projesteroni humfanya mjamzito avute hewa nyingi kila pumzi, ingawa idadi ya pumzi kwa dakika haibadiliki sana. Hivyo kabonidayoksaidi hushuka hadi takriban 27 hadi 32, na figo hutoa bikaboneti kusawazisha. Aliyebanwa na pumu angepaswa kuwa chini zaidi ya hapo. Akiwa na 40, anachoka. Oksijeni, na daktari aje sasa hivi.

Swali la 5. Kweli au si kweli?
Seli nyeupe 18,000 mama akiwa katika uchungu, bila homa, ni dalili ya hakika ya maambukizi. *Si kweli, uchungu wenyewe hupandisha.*
Fosfatesi alikali iliyopanda katika wiki ya 36 lazima itokane na ini. *Si kweli, kondo la nyuma hutengeneza.*
Mama mwenye vali ya moyo iliyosinyaa yuko salama mara mtoto anapotoka. *Si kweli, na hapa msikosee: mji wa mimba ukikaza hurudisha damu nyingi kwenye moyo kwa ghafla. Msikilize mapafu yake katika saa za kwanza.*