Ufafanuzi wa Mwongozo wa Bweni kwa Wazazi wa Kidato cha Kwanza, 2027

Ndugu mzazi/mlezi,

Ada ya mwaka ni sh. 2,400,000: sh. 900,000 kabla ya kuripoti, kisha sh. 500,000 kufikia mwisho wa Machi, Julai na Septemba. Lipa benki kwa namba ya malipo iliyo kwenye fomu ya mwanao, kwani kila mwanafunzi ana yake. Ukitumia ya kaka yake, fedha zinaingia kwa kaka na mdogo anabaki na deni. Usimtumie mwalimu yeyote ada kwa simu. Tunza risiti.

Tranka liwe na kufuli na funguo mbili, moja atunze matroni au patroni. Alete godoro la futi 2½ (la futi 3 haliingii kitandani), shuka jozi mbili, chandarua, ndoo yenye mfuniko, ndala na kadi ya bima ya afya. Andika jina kwa wino usiofutika, hata kwenye soksi. Nguo nyingi hupotelea kambani. Dawa zikabidhiwe kwa muuguzi pamoja na cheti cha daktari.

Simu, hita na pasi ya umeme haziruhusiwi. Simu ikikamatwa, mzazi ataitwa na mwanafunzi atasimamishwa siku 14. Tafadhali, usimfichie mtoto simu kwenye begi. Adhabu itamwangukia yeye. Kutoroka bweni na uonevu hupelekwa bodi ya shule.

Kuripoti ni Jumapili, 10 Januari, kabla ya saa 10 jioni. Tunafunga 4 Juni, tunafungua 5 Julai hadi 3 Desemba.

Ofisi ya Mkuu wa Shule